Pembe za Mdomo Zitangulie

"Kaka, mimi picha sitoki."

Ndivyo alivyoanza, kabla hata hajakaa. Alikuwa amekuja studio na shangazi yake kutoa advansi ya picha za sendofu, na zilikuwa zimebaki siku 12. Akafungua simu anionyeshe ushahidi. Picha kama arobaini, na katika zote kafumba mdomo, au kaweka kiganja mbele, au kajiziba kwa ncha ya mtandio kama mtu aliyepita karibu na dampo. Moja tu ndiyo alikuwa amefungua mdomo. Ilipigwa na rafiki yake siku ya mahafali, na alishamsihi aifute mara tatu.

"Ona fizi zote nje," akasema. "Kama niko kwa daktari wa meno."

"Hata marehemu bibi yako alikuwa akicheka hivyohivyo," shangazi akadakia, "na hakuna aliyemkimbia."

Nimepiga picha za harusi Dar es Salaam miaka 14, na maneno ya binti yule nimeyasikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Zamani nilikuwa nawaambia watu "funga mdomo kidogo," basi. Wanafunga, wanatoka kama waliomeza kitu wasichokitaka. Nilichelewa kujua kwamba picha ya namna ile huharibika mahali pengine kabisa, na fizi zinasingiziwa kwa sababu ndizo zinazoonekana kwanza.

Nikaikuza ile picha ya mahafali. Pua ilikuwa imekunjamana juu, na mistari miwili ya kutoka puani hadi mdomoni imechimbika. Macho yalikuwa wazi kabisa, kama ya mtu anayengoja sindano. Pembe za mdomo zimevutwa kuelekea masikioni, lakini hazikupanda. Kilichopanda ni katikati ya mdomo wa juu, chini tu ya pua, kama pazia lililovutwa kwa kamba moja ya katikati. Kiswahili kina neno la mdomo wa namna hiyo, tena si kutabasamu. Mtu anayefanya hivyo kwa dharau tunasema anabinua mdomo. Akifanya hivyo huku meno yako nje, tunasema anakenua. Na akiwa hana furaha ila anataka ionekane anayo, tunasema anajichekesha. Yule binti alikuwa amefanya yote matatu kwa pamoja, ndani ya sekunde moja, kwa sababu rafiki yake alimwambia "cheka basi!"

Mdomo wa juu unainuliwa na misuli kadhaa, lakini kwa kazi yetu miwili inatosha. Wa kwanza unatoka kwenye mfupa wa shavu na kushuka hadi kwenye pembe ya mdomo. Ukijikaza, pembe inapanda kwa mshazari kuelekea shavuni. Huo ndio msuli wa tabasamu. Wa pili unashuka ubavuni mwa pua, unashika ubawa wa pua na mdomo chini yake. Ukijikaza, pua inakunjamana na mdomo unainuka katikati. Huo tunautumia tukinusa samaki aliyeoza. Watu wengi wakicheka hutumia yote miwili, na hakuna ubaya. Lakini kuna watu ambao huu wa pili una nguvu sana, au unatangulia kabla ya mwenzake. Ukitangulia, fizi zinafunuka kabla pembe za mdomo hazijapanda kuupa uso umbo la furaha. Ukipiga picha wakati huo unapata fizi bila furaha.

Kuhusu kiasi, ipo rula ambayo kila mtu anatembea nayo. Jino la mbele la juu la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 10. Angalia katika picha ufizi unaoonekana juu ya jino hilo ni sehemu gani ya jino. Milimita moja au mbili ni jambo la kawaida kabisa, hasa kwa wanawake. Madaktari wa meno huanza kuliita tabasamu la fizi inapozidi milimita 3 au 4, yaani theluthi ya jino na kuendelea. Na jambo hili hupungua lenyewe kwa umri, kwa kuwa mdomo wa juu hulegea na kushuka kadiri miaka inavyokwenda. Msichana anayejiziba kwa kiganja akiwa na miaka 20, akifika 55 huenda asione ufizi wowote kwenye picha zake.

Binti yule, nilipompima kwa picha ya mahafali, alikuwa na nusu jino. Milimita tano hivi.

Sikumwambia kitu kuhusu kutabasamu. Nilimkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, nikaweka simu yangu kwenye kigoda cha kamera, nikabonyeza video, nikamwomba shangazi amsimulie siku bwana harusi alipokuja kujitambulisha. Inaonekana mshenga alikuwa ametia kiatu cha kushoto mguu wa kulia na hakugundua hadi alipoondoka. Nikarekodi dakika mbili. Kisha tukaitazama pamoja, nikiisogeza kwa kidole polepole, picha moja baada ya nyingine.

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na haina gharama. Picha ya simu inakamata sehemu ndogo sana ya sekunde, na uso unaocheka unapita katika maumbo mengi, mengine mabaya kwa kila mtu, hata kwa warembo wa kwenye magazeti. Video inakuonyesha safari nzima. Tulichokiona kwa binti yule ni hiki: kicheko kilipofika kileleni, fizi zilitoka nusu jino, sawa na kwenye mahafali, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeziona mpaka tulipozitafuta, kwa sababu macho yalikuwa yamefinyana na mashavu yamepanda. Kisha kicheko kikaanza kushuka. Yapata sekunde moja baada ya kilele, pumzi imetoka, pua imelegea, na mdomo wa juu umerudi chini hadi kubaki robo jino tu la ufizi, au pungufu. Lakini pembe za mdomo zilikuwa bado juu na macho bado yanacheka. Shangazi akaweka kidole kwenye kioo cha simu: "Hapo! Hapo ndipo yeye mwenyewe."

Basi tukawa tumejua tunachokitafuta. Hatukuwa tunatunga tabasamu jipya. Tulikuwa tunataka aweze kuanza pale ambapo kicheko chake kinaishia.

Ukitaka kufanya hivi nyumbani, tumia kamera ya nyuma ya simu, usitumie ya mbele. Ya mbele hukuonyesha kama kioo, kulia kwako kukiwa kulia. Uso wa kila mtu hauko sawa pande mbili, na sisi tumezoea ule wa kwenye kioo, ndiyo maana picha aliyopiga mtu mwingine hutushtua hata ikiwa nzuri. Anayefanyia mazoezi kwenye kioo peke yake anajifunza kuupenda uso ambao watu wengine hawauoni.

Zoezi lenyewe ni la vidole. Weka kidole cha shahada cha kila mkono ubavuni mwa pua, pale ubawa wa pua unapokutana na shavu. Gusa tu, usibonyeze. Kwanza fanya kama unanusa harufu mbaya, ili ujue msuli wenyewe uko wapi; utausikia ukiruka chini ya kidole. Uachie. Sasa, midomo ikiwa imefungwa bila kukazwa, peleka pembe za mdomo juu, kana kwamba kila moja inataka kufika kwenye ncha ya sikio lake, huku chini ya vidole pakiwa pametulia. Mara za mwanzo pataruka tu. Rudi nyuma, fanya kidogo zaidi. Tabasamu dogo ambalo pua haikushiriki lina thamani kuliko kubwa ambalo pua imelivamia. Ukishaweza, ndipo uachie midomo itengane yenyewe, pembe zikiwa zimeshafika juu. Kaa hapo sekunde tano, legeza, rudia mara tano. Asubuhi na jioni inatosha. Zaidi ya hapo mashavu yanachoka, mdomo unatetemeka, na unachojifunza ni kutetemeka.

Siku mbili za kwanza binti yule alinitumia video za kuchekesha. Alikuwa ameelewa kwamba kazi ni kuushusha mdomo wa juu, kwa hiyo akaushusha kwa nguvu, ukafunika meno mpaka nusu. Alionekana kama mzee anayezuia meno ya bandia yasidondoke. Kosa hili ni la kawaida na dalili yake ni rahisi: mdomo wa juu unanyooka kuwa mstari, na sehemu iliyo kati ya pua na mdomo inaonekana ndefu na bapa. Mdomo hauvutwi chini. Unaachwa tu usipandishwe. Nilimwambia atenganishe meno ya juu na ya chini kidogo, nafasi ya kupita kadi ya benki, na ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya mbele ya juu. Meno yakiachana, taya linalegea, na taya likilegea uso wote unapungua ukali. Ulimi nao unaupa mdomo kitu cha kufanya. Siku ya nne video ilikuja nzuri, ila macho yalikuwa yamelala.

Habari ya macho ni ya zamani. Mwaka 1862 daktari mmoja wa Paris, Guillaume Duchenne, alichapisha kitabu chenye picha za mzee aliyekuwa akimgusisha umeme usoni. Ngozi ya mzee yule ilikuwa imekufa ganzi, kwa hiyo hakuumia, na Duchenne aliweza kuamsha msuli mmoja mmoja na kupiga picha kinachotokea. Alipoamsha msuli wa pembe za mdomo peke yake, mzee alitabasamu, lakini tabasamu lile lilikuwa kama la sanamu. Kilichokosekana ni msuli unaolizunguka jicho, ule unaoinua shavu na kufinya kope ya chini. Duchenne akasema msuli wa mdomo hutii amri, ila ule wa jicho huja kwa furaha ya kweli. Miaka kumi baadaye Charles Darwin alizitumia picha zake katika kitabu chake kuhusu jinsi binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia.

Watafiti wa baadaye walimsahihisha kidogo. Watu wengi wanaweza kuufinya msuli wa jicho kwa makusudi, na waigizaji wanaishi kwa hilo. Lakini kufinya kwa makusudi kunahitaji uangalifu, maana kope inayotakiwa ni ya chini. Mwambie mtu "cheka na macho," atakodoa au atafumba vyote viwili. Mimi huwaambia waangalie kitu cha mbali ambacho hawakioni sawasawa, kama kusoma namba ya daladala inayokuja. Kope ya chini inapanda yenyewe kidogo. Ukiongeza pembe za mdomo hapo, shavu linapanda na kukutana na kope, na mikunjo midogo inatokea kwenye pembe za jicho. Mikunjo ile ndiyo ambayo watu huomba niifute kwenye kompyuta. Nakataa mara nyingi, au najifanya nimesahau.

Hata hivyo njia fupi kuliko zote si ya msuli. Binti yule nilimwambia achague kitu kimoja cha kukumbuka, kiwe kidogo na cha kuchekesha, kisiwe kitamu cha kuliza. Alichagua kiatu cha mshenga. Kilitufaa hadi mwisho.

Sasa nije upande wetu sisi wenye kamera, maana lawama nyingi ni zetu.

Kwanza ni kuhesabu. "Moja, mbili, tatu, semeni chiiz!" Tabasamu la kweli lina mwendo wake: linachomoza taratibu, linakaa sekunde chache, linafifia. Anayehesabiwa anaanza kutabasamu kwenye moja, ikifika tatu tabasamu limeshakufa, kilichobaki ni mdomo ulioshikiliwa. Na hiyo "chiiz" haisaidii. Irabu ya i huvuta midomo pembeni zaidi kuliko kuiinua. Irabu ya a hulegeza taya. Kwa hiyo kama lazima mtu aseme neno, namwambia aseme "halua," asimalize kwa nguvu, atoe pumzi tu mwishoni. Kinachofanya kazi hasa ni ile pumzi. Ukimwambia mtu afumbe macho, avute pumzi, kisha afungue macho wakati anaitoa, una kama sekunde moja na nusu ya uso usio na ulinzi. Piga hapo, piga picha tano au sita mfululizo.

Pili ni mahali kamera inaposimama, na hili limewaonea maharusi wengi. Fikiria pazia la mlangoni lisilofika chini. Aliyesimama karibu nalo anaona kipande cha sakafu tu. Aliyekaa mkekani anaona ndani, na akiinamisha kichwa anaona hadi kitandani. Mdomo wa juu ni pazia la namna hiyo, umening'inia milimita chache mbele ya ufizi. Kamera iliyo chini ya usawa wa mdomo inachungulia chini ya pazia na kuona ufizi wote. Kamera iliyo usawa wa macho, au juu kidogo, inafunikiwa na mdomo wenyewe. Hakuna msuli uliofanya kazi, ni mahali tu pa kusimama.

Sasa fikiria ukumbi wa sherehe. Maharusi wamekalishwa jukwaani, juu ya sakafu, kwenye viti kama vya wafalme. Wapiga picha wako chini, wengine wamepiga goti ili wasizibe kamera ya video. Kila picha ya jukwaani inapigwa kutoka chini, tena na taa ya flashi iliyoelekezwa usoni. Ufizi una unyevu, na kitu chenye unyevu hung'aa kikipigwa na mwanga wa mbele. Jicho la mtazamaji linakwenda penye mng'ao. Halafu siku ya kuangalia albamu tunamwambia bibi harusi kwamba ndivyo alivyo. Mimi nina ngazi ndogo ya vidato viwili kwenye gari, na naipeleka kila ukumbi. Washereheshaji wananitania kwamba nimekuja kubadilisha balbu.

Anayepigwa picha naye anaweza kusaidia. Asogeze kidevu mbele kidogo, kama kobe anayetoa kichwa, kisha akishushe kwa kiasi cha upana wa kidole. Kuinua kidevu ni sawasawa na kuishusha kamera. Waliozoea kuinua kidevu ili shingo ionekane ndefu hulipia urefu huo kwa fizi.

Umbali nao una kazi yake. Selfi ya mkono ulionyooka iko karibu mno. Kilicho katikati ya uso, yaani pua na mdomo, kipo karibu na kamera kuliko masikio, kwa hiyo kinakuzwa, na mdomo uliofunguka unakuwa mkubwa kuliko ulivyo. Mpe simu mtu mwingine asimame mita mbili, atumie 2x kama simu inayo. Uso utarudi kwenye vipimo vyake.

Siku sita kabla ya sendofu tulirudia kila kitu pale studio. Nilimpiga kwa namna tatu, bila kumwambia tofauti. Kwanza nikiwa nimechuchumaa, flashi mbele, nikihesabu hadi tatu: ufizi theluthi ya jino, pua imekunjamana kidogo. Kisha usawa wa macho, mwanga wa dirishani, nikihesabu vilevile: robo. Mwisho juu kidogo ya macho, bila kuhesabu, akitoa pumzi na kukumbuka kiatu: ufizi kama milimita moja na nusu, macho yanacheka. Zile picha tatu nilizipanga pamoja kwenye kioo cha kompyuta. Alizitazama muda mrefu.

"Hii ya mwisho umenifanyia editi?"

Sikuwa nimegusa kitu.

Siku yenyewe haikuwa safi hivyo, na ingekuwa uongo kusema ilikuwa. Saa mbili za mwanzo alikuwa vizuri. Ilipofika wakati wa zawadi, ambapo kila kundi linapanda kupiga picha na maharusi, wa kazini, wa mtaani, wa kikundi cha kufa na kuzikana, mashavu yake yalianza kutetemeka. Msuli wa shavu ni msuli kama wa mguu, nao unachoka. Ukichoka, ule wa pua unaingia kumsaidia mwenzake, na fizi zinarudi. Nilimwonyesha ishara tuliyopatana: akageuka kumwinamia msimamizi wake, akajaza mashavu hewa, akapuliza midomo kama farasi anayepumua, mara mbili. Ukifanya hivyo kati ya kundi na kundi, uso unapata pumziko la sekunde kumi. Picha zilizofuata zilikuwa afadhali. Zile za katikati nyingi nilizitupa.

Picha aliyoiweka kwenye fremu sebuleni ni ya shangazi akicheza kuelekea jukwaani na kitenge kichwani, na binti yule kaangua kicheko. Ufizi nusu jino, kama siku ya mahafali. Nilimwuliza kama ana hakika. Akanitazama kama nimeuliza swali la kijinga.

Lakini mbinu hizi zina mpaka, na mimi niliujua kwa kumpotezea mtu muda.

Vidole ubavuni mwa pua vinamsaidia yule ambaye tatizo lake ni msuli. Wengine tatizo ni taya la juu kuwa refu kuelekea chini, na hapo hata wakinyamaza, midomo ikiwa imelegea, meno ya juu yanaonekana kwa wingi. Wakifumba mdomo kidevu kinajikunja kwa jitihada. Mazoezi hayawezi kufupisha mfupa. Wengine meno yao ni marefu kama ya kila mtu, ila ufizi umeyafunika, kwa hiyo yanaonekana mafupi na ya mraba kama ya mtoto. Hawa daktari wa meno anaweza kuwapunguzia ufizi kwa kazi isiyo kubwa, akishapiga eksirei na kuona mfupa umeishia wapi. Kwa wenye msuli mkali kupita kiasi ipo sindano ya botoksi ya kuulegeza, nayo inaisha nguvu baada ya miezi michache. Ikizidi dozi, au ikichomwa pasipo pake, mtu anabaki na tabasamu la upande mmoja hadi dawa iishe. Hiyo ni kazi ya daktari aliyesomea. Saluni si mahali pake.

Na kuna fizi zinazovimba. Dada mmoja alinijia akitaka picha za wasifu wa kazini. Akicheka, ufizi ulikuwa karibu sawa na jino lenyewe. Nikampa vidole, nikampa pembe za mdomo, nikampa halua na pumzi. Alikuwa na bidii kuliko yule bibi harusi. Wiki tatu zikapita, video zinakuja kila jioni, pua imetulia kabisa, na ufizi uko palepale. Mwishowe nikamwomba aachie tu mdomo wazi bila kutabasamu, nikakuza picha. Ufizi wa kati ya jino na jino ulikuwa umejaa kama vipunje vya mahindi, unameremeta, umefunika nusu ya kila jino. Nikamwuliza kama anatoka damu akipiga mswaki. Alikuwa akitoka, tangu zamani. Nikamwuliza kama kuna dawa anayotumia kila siku.

Alikuwa kwenye fenitoini, ya kifafa, tangu sekondari. Dawa hiyo kwa baadhi ya watu hukuza fizi, hasa pale ambapo uchafu wa meno haujasafishwa, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama nifedipini na amlodipini, hufanya hivyo pia. Dawa ya namna hiyo mtu haachi mwenyewe kwa ajili ya picha. Anarudi kwa daktari aliyemwandikia na kumweleza, huku wa meno akianza na kusafisha. Yeye alisafishwa meno mara mbili, akafundishwa kupiga mswaki upya, na daktari wake akamhamishia dawa nyingine taratibu. Aliporudi studio baada ya miezi kadhaa, meno yake yalikuwa yameonekana, marefu, meupe, na kulikuwa na mwanya katikati ambao mimi sikuwahi kujua kama anao.

Siku hizi mtu akikaa kwenye kile kiti cha dirishani na kuniambia picha hatoki, kitu cha kwanza namwomba aachie mdomo wazi, asifanye lolote, nimtazame meno.